Ndoo ya Leo: Hesabu Iliyo Nyuma ya Mchezo wa Kunawa Mikono

Michezo mingi ya ubao inayopelekwa vijijini kufundisha usafi ni nyoka na ngazi iliyobadilishwa picha. Ukitua kwenye mraba wa mama anayenawa kwa sabuni, unapanda ngazi. Ukitua kwenye mraba wa mtoto anayejisaidia kichakani, nyoka anakumeza na kukutema chini. Ubao wa namna hiyo ni rahisi kuchapa, sheria zake zinajulikana, na watu hucheka wanapoucheza. Lakini ukiupigia hesabu utaona kwamba haufundishi kile kilichochorwa juu yake.

Tuanze na dadu. Nyuso zake sita zinatoa wastani wa hatua 3.5 kwa kila mrusho. Kwa hiyo mchezaji anayetembea kwenye njia ndefu hutua karibu kwenye miraba miwili kati ya kila saba na kuiruka mitano. Mraba wowote wenye somo, basi, una nafasi ya takribani asilimia 29 tu ya kukanyagwa na mchezaji mmoja. Wakicheza wanne, nafasi ya wote kuuruka ni karibu asilimia 26. Yaani katika mchezo mmoja kati ya minne, picha ya kunawa kabla ya kumlisha mtoto inakaa pale ubaoni bila mtu yeyote kuigusa.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Nyoka na ngazi ulitoka India, ambako miraba ilibeba fadhila na maovu, na mchezaji alipanda au kushuka kadiri dadu ilivyoamua. Kwa kufundisha kwamba binadamu hana usemi mbele ya majaaliwa, ni ubao mzuri sana. Kwa kufundisha kunawa mikono ni ubao mbaya, kwa sababu mchezaji haamui lolote. Aliyeshuka hakuacha kunawa, ni dadu tu iliyomwangukia vibaya. Na dhana hiyohiyo, kwamba kuhara kwa mtoto ni bahati mbaya au ni meno yanaota, ndiyo mchezo ulikusudiwa kuiondoa.

Mchezo ninaouchambua hapa tuliubuni kwa ajili ya vijiji vya ukanda mkame wa Dodoma, tukauita Ndoo ya Leo. Msingi wake ni huu: watu hawa hawakosi habari. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipita nchi nzima mwaka 1973, na tangu hapo redio, shule na zahanati hazijaacha kusema. Kinachokosekana ni maji ya kutosha, na kila ndoo inayobebwa kutoka mbali ina kazi yake kabla haijafika nyumbani. Mchezo unaomwambia mtu "nawa" bila kumwonyesha maji yanatoka kwenye kazi gani utasikilizwa kwa adabu, kisha utasahauliwa.

Vituo vitano, bila dadu

Tulianza kwa kuiondoa dadu kwenye mwendo. Ubao ni kipande cha turubai chenye njia ya duara inayowakilisha siku moja, na kwenye njia hiyo kuna vituo vitano ambapo kila mchezaji lazima asimame: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto na kabla ya kula. Hizi ndizo nyakati tano ambazo wahudumu wa afya ya jamii huzitaja. Hakuna anayeziruka kwa bahati. Kila kaya inafika kwenye kila kituo na kutakiwa kuamua.

Kinacholipiwa ni maji, na maji ni vizibo vya soda. Kila kizibo ni nusu ndoo, yaani lita 10. Asubuhi kila kaya inapokea vizibo kumi, sawa na ndoo tano za lita 20. Kwa kaya ya watu sita hizo ni lita 16 na ushei kwa kila mtu, karibu sana na kiwango cha chini cha lita 15 kwa mtu kwa siku kinachotumiwa kwenye misaada ya dharura. Vizibo sita vinakwenda moja kwa moja kwenye kupika, kunywa, kufua na mifugo. Hivyo huwekwa katikati ya ubao na hakuna anayevitumia kunawia. Vinabaki vinne. Kinachosalia jioni kinamwagiliwa bustani ya mchicha, na mwenye vizibo vingi bustanini baada ya siku tatu ndiye mshindi.

Kunawisha kaya nzima kwa jagi na beseni kunagharimu kizibo kimoja kwa kila kituo. Vituo ni vitano na vizibo ni vinne, kwa hiyo mchezaji anahisi ufinyu tangu mzunguko wa kwanza. Hana uwezo wa kutimiza yote hata akitaka.

Kila kaya inachezwa na watu wawili, si mmoja. Sababu yake ni ya kiufundi: mtu mmoja huamua kimya kimya, lakini wawili lazima wasemezane. Mama akitaka kunawa kabla ya kulisha na baba akitaka kizibo kiende bustanini, hoja zao zinasikika na meza nzima, na mwezeshaji anajua ugumu uko wapi bila kuuliza swali hata moja.

Punje kwenye kibuyu

Adhabu ya kutonawa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ukimpiga mchezaji papo hapo kila anapoacha kunawa, atakuambia hujawahi kuishi kijijini, maana kila mtu pale amewahi kula bila kunawa na asiugue. Ukiifanya adhabu iwe nadra kama ilivyo katika maisha, mchezo unaisha kabla haijaonekana.

Suluhisho lilikuwa kuiweka hatari mahali ambapo haionekani. Kila kaya ina kibuyu kidogo chenye punje sita nyeupe za kunde. Kila kituo ambacho hawakunawa, punje moja nyeusi inatumbukizwa ndani. Jioni mtoto mmoja anaingiza mkono bila kuchungulia na kutoa punje moja. Ikiwa nyeupe, kaya imelala salama. Ikiwa nyeusi, kuna mtu anayeharisha, na kaya inapoteza vizibo sita: maji ya kufulia nguo zilizochafuka, maji ya kuchanganyia dawa ya chumvichumvi, na zaidi ya yote ndoo ambazo hazikuchotwa kwa sababu mama alikuwa zahanati. Wasipokuwa navyo wanakopa kwa jirani. Siku ya pili kibuyu kinaanza upya na punje sita nyeupe.

Hatukuweka kifo kwenye ubao. Kuhara bado kunaua watoto wa chini ya miaka mitano, na katika kundi lolote la wachezaji anaweza kuwemo aliyezika. Siku iliyopotea inatosha kuonyesha gharama bila kumgeuza mtoto wa mtu kuwa alama ya mchezo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo michezo ya aina hii huharibika bila wabunifu kujua. Kaya iliyoacha kunawa mara moja ina punje saba, moja nyeusi: nafasi ya kuugua ni moja kwa saba. Iliyoacha mara tatu ina tisa, tatu nyeusi: moja kwa tatu. Iliyoacha zote tano ina kumi na moja, tano nyeusi, yaani karibu nusu. Zidisha nafasi hiyo kwa vizibo sita vya ugonjwa, na hasara ya wastani kwa siku ya kaya isiyonawa kabisa ni vizibo 2.7. Kunawa mara zote tano kwa jagi kungegharimu vizibo vitano.

Kwa maneno mengine, kwa sheria hizi peke yake, mchezaji mwerevu hanawi. Hata mnawo mmoja haulipi: ukibakiza kituo kimoja tu bila kunawa, hasara ya wastani ni vizibo 0.86, na kukinawia ni kizibo kimoja kizima. Mchezo ungechapwa hivyo, ungefundisha kinyume cha lengo lake. Wala mtu asingelalamika, kwa sababu picha zote zingekuwa sahihi. Hesabu hii inafanyika mezani kwa karatasi na kalamu kabla ya kununua turubai, na ndiyo kipimo cha kwanza ambacho ubao wowote wa afya unapaswa kupita: tafuta njia ya kushinda bila kufanya jambo unalolifundisha. Ikiwepo, wachezaji wataigundua haraka kuliko wewe.

Njia ya mkato ilikuwa kuongeza adhabu. Ugonjwa ungegharimu vizibo kumi na viwili, hesabu ingesimama upande wetu. Tuliikataa. Adhabu kubwa kupita kiasi inaonekana kama kitisho cha mwalimu, na watu wazima hutambua mara moja wanapotishwa. Tukarudi kwenye upande wa pili wa mizani na kuuliza kama kunawa lazima kugharimu kizibo kizima.

Kibuyu chirizi kinavyogeuza hesabu

Kibuyu chirizi ni dumu la lita 5 lililotobolewa karibu na mdomo, likaning'inizwa kwenye mti wa kupita, na kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kidogo, na mkono mchafu haushiki chochote. Kilibuniwa Zimbabwe kwa kibuyu halisi kabla madumu ya plastiki hayajachukua nafasi yake. Jambo linalotuhusu hapa ni kiasi cha maji. Mtu anayenawa kwa kibuyu chirizi hutumia sehemu ndogo tu ya maji anayomwagiwa kwa jagi. Dumu likijazwa mara mbili kwa siku, lita 10 zinatosha kaya ya watu sita kwa nyakati zote tano.

Kwenye mchezo, basi, kaya yoyote inaweza kununua kibuyu chirizi kwa vizibo vitatu, bei inayowakilisha nusu siku ya kutafuta dumu la zamani la mafuta ya kula, kamba na miti. Ukishakuwa nacho, unalipa kizibo kimoja kwa siku nzima badala ya kimoja kwa kila kituo.

Zifuatilie kaya mbili kwa siku tatu. Ya kwanza hainawi kabisa na inapoteza wastani wa vizibo 2.7 kila siku. Ya pili inanunua siku ya kwanza, inatumia vinne kwa siku hiyo, na jioni iko nyuma. Watu wataicheka. Siku ya pili imetumia jumla ya vitano, na ile isiyonawa imepoteza wastani wa 5.5. Mwisho wa siku ya tatu ni sita dhidi ya 8.2. Bustani ya kaya ya kwanza inabaki na vizibo 3.8 kwa wastani, ya pili ina sita kamili. Mchezo wa siku moja ungeipa ushindi kaya isiyonawa, na ndiyo maana tuliweka siku tatu. Muda wa mchezo umetokana na siku ambayo uwekezaji unarudi.

Kibuyu chirizi kimebadilisha pia somo lenyewe. Uamuzi unaopendelewa na ubao umekuwa kutengeneza kifaa mara moja, si kujikumbusha kunawa mara tano kwa siku. Hilo linakubaliana na kinachojulikana kuhusu tabia hii: watu hunawa zaidi pale maji na sabuni vinapokuwa mahali pamoja, karibu na choo na jiko, kuliko pale wanapojua zaidi. Kifaa hicho kinasimikwa mbele ya nyumba kwenye ubao, wote wakikiona. Utafiti wa SuperAmma uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kunawa kuliongezeka kwa kugusa karaha, malezi na heshima ya familia, bila kuhubiri vijidudu. Ndiyo sababu tuna kadi ya mgeni, ambayo mwezeshaji huifunua wakati wowote. Mgeni akifika, kaya inaulizwa tu atanawia wapi. Hakuna faini. Jibu linasikika na wote.

Sabuni nayo tuliiweka kwenye bei hiyohiyo, kwa umbo la chupa ya maji ya sabuni: kifuko kidogo cha sabuni ya unga kimekorogwa kwenye chupa ya lita moja na nusu yenye kifuniko kilichotobolewa. Kipande cha sabuni kilichoachwa nje hubebwa na kunguru au hugugunwa na panya, na kila mchezaji analijua hilo.

Kata inayochafua maji safi

Upande wa maji ya kunywa, tulichagua jambo moja kati ya mengi. Maji yanaweza kutoka salama kwenye pampu na kuchafuka nyumbani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba mara nyingi maji hupungua usafi kati ya chanzo na kikombe. Mahali pa kosa ni kata: mkono uliotoka chooni unashika kata, vidole vinaingia ndooni, na kutoka hapo kila anayekunywa anakunywa kinyesi cha mmoja.

Kizibo kimoja kati ya kumi, kilichopakwa buluu, ndicho ndoo ya kunywa, na ndani kimepakwa rangi nyeusi. Kaya isiyonawa kwenye kituo cha choo au cha kumsafisha mtoto inakigeuza, na jioni weusi huo unaongeza punje mbili kibuyuni. Sheria hii inafunga mikono na maji kwenye hesabu moja, jambo ambalo mabango mawili tofauti hayawezi. Aliyeacha kunawa baada ya choo peke yake, akanawa sehemu zote nyingine, ana punje tatu nyeusi badala ya moja. Nafasi yake ya kuugua imeruka kutoka moja kwa saba hadi moja kwa tatu.

Kuna njia ya kuzuia: kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, kisha kusubiri nusu saa. Kwenye ubao kusubiri ni kutochota maji hadi kituo kinachofuata. Klorini inayobaki majini inaendelea kulinda, kwa hiyo kizibo chenye kidonge hakigeuki siku hiyo hata mkono ukiwa mchafu. Lakini punje ya mkono wenyewe bado inaingia, kwa kuwa kidonge hakisafishi ugali ulioshikwa. Wachezaji hugombania sheria hii kuliko zote, na mabishano hayo yana thamani: anayeuliza "kidonge kimewekwa, mbona bado naongezewa punje?" amekaribia kuona njia mbili za uchafu kwa mara moja.

Ubao unapokosea

Kaya isiyonawa inaweza kushinda. Kwa sheria za mwanzo nafasi ya kutoa punje nyeupe jioni zote tatu ni karibu asilimia 16. Sheria ya kata inaishusha hadi karibu asilimia 10. Ikitokea, mshindi atasimama na kusema babu yake hakuwahi kunawa na alizeeka. Mwezeshaji asiye na maandalizi ataanza kubishana na kupoteza kundi. Afanye hivi: vibuyu vyote vimwagwe juu ya turubai, punje nyeusi za kaya zote zihesabiwe, kisha siku za zahanati za kaya zisizonawa zijumlishwe pamoja na kulinganishwa na za zilizonawa. Mtu mmoja anaweza kuponyoka. Kitongoji kizima hakiponyoki, na hilo linaonekana kwenye rundo.

Picha zinahitaji jaribio lao. Kiganja kilichochorwa peke yake, bila mwili, watu wasiozoea vielelezo hukisoma kama mkono uliokatwa. Mshale hausomeki kama mwendo. Vituo vyetu vinaonyesha watu kwa mwili mzima, na mwendo unaonyeshwa na njia yenyewe. Kipimo ni kumpa mtu ubao bila maelezo na kumwomba asimulie siku ya familia ile. Akisita kituoni, mchoro ndio unaorudiwa.

Kosa la mwisho liko kwenye kupima mafanikio. Ukiwauliza wachezaji wiki mbili baadaye kama wananawa, karibu wote watasema ndiyo. Ukikaa uani na daftari kuwatazama, watanawa kwa ajili yako. Alama za kuaminika ni zile zisizopangwa: udongo wenye unyevu chini ya dumu, kijia kilichokanyagwa kati ya choo na kibuyu chirizi, kiasi cha maji ya sabuni kilichopungua chupani, kamba iliyochakaa ikafungwa upya. Dumu kavu lenye utando wa buibui mdomoni limejibu swali, hata kama mwenye nyumba anasema vingine. Na kijiji kilichocheza kilinganishwe na jirani yake ambaye hakucheza, maana msimu wa mvua pekee unaweza kubadilisha unyevu wote huo.

Mchezo una mpaka wake. Hauchimbi choo wala hausogezi kisima, na kaya yenye ndoo mbili badala ya tano haina hesabu ya kucheza. Unachofanya ni kumfikisha mtu kwenye uamuzi mmoja, wa kutafuta dumu na kamba, na uamuzi huo hupoa upesi. Kwa hiyo mfuko wa mchezo unabeba pia msumari wa kutobolea na kamba, na sheria ya mwisho kwenye karatasi ya mwezeshaji inamtaka asiondoke kabla kaya zilizocheza hazijatengeneza angalau kibuyu chirizi kimoja halisi, kwenye choo kilicho karibu zaidi na walipokaa.